Vema kumi zilizonyooka

Dodoso la zahanati lina sentensi kumi, na kila sentensi ina visanduku vitano, kuanzia "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa". Mama aliyebeba mtoto mgonjwa anatia vema kwenye "nakubali" mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha kalamu inateremka moja kwa moja mpaka chini. Mstari wa nne unasema, "Wahudumu hunisikiliza." Wa tisa unasema, "Wahudumu hunikatiza ninapoeleza shida yangu." Yote mawili ameyakubali.

Hapo yamekutana mambo mawili. Moja ni uchovu: visanduku vinavyofanana huualika mkono uendelee bila jicho kusoma. La pili ni heshima. Mgeni amekuja na karatasi, na kumkatalia huonekana utovu wa adabu, kwa hiyo mtu anaitikia tu.

Wengi hujaribu kutibu hali hii kwa kuchanganya sentensi za kukanusha, na mara nyingi huiharibu zaidi. Chukua "Wahudumu hawanikaripii." Anayesema "sikubali" anamaanisha anakaripiwa, lakini itambidi ageuze maneno kichwani mara mbili kabla ya kujibu. Kinyume kikihitajika, kitafutiwe neno lake, kama "hunikatiza" pale juu, wala kisijengwe kwa "si" na "ha".

Dawa ninayoiamini ni kuacha kumwomba mtu akubali. Muulize jambo lenyewe: "Mara ya mwisho ulipofika hapa, mhudumu alikusikiliza kwa kiasi gani?" Majibu yawe: hadi mwisho, kwa sehemu, hakunisikiliza kabisa. Swali linalofuata liwe na majibu yake, mathalani muda aliosubiri foleni. Hapo hakuna safu ya kuteremkia wala kauli ya kuitikia. Afrobaromita, inayofanya utafiti wa maoni Tanzania, Kenya na Uganda pia, ina njia nyingine: katika baadhi ya maswali humsomea mhojiwa kauli mbili zinazopingana, achague iliyo karibu na maoni yake, ndipo aulizwe kama anakubali sana au kwa kawaida. "Ndiyo" peke yake haimtoshi kujibu.

Madodoso yakisharudi, mistari iliyonyooka huonekana kwenye Excel. Majibu yakiwekwa kwa namba 1 hadi 5:

```
=STDEV.P(B2:K2)
```

Sifuri maana yake mtu huyo amejibu namba moja kote. Usimfute papo hapo. Kama sentensi zote zinasifu, huenda kweli ameridhika; kama zimo mbili zinazopingana, huenda hakuzisoma. Na sifuri zikijazana kwenye madodoso ya mdadisi mmoja, chunguza kwanza kazi ya mdadisi huyo.

Maswali ya namna hii hula karatasi na muda. Ikibidi, punguza kumi yawe matano, na usilirudishe lile jedwali.