Kwa Nini Visima Hufungwa Wakati wa Mvua

Mvua imenyesha Isiolo, kaskazini mwa Kenya. Mto Waso Nyiro umejaa, nyasi za kando yake zinachipua, na ng'ombe wamekondeana baada ya kiangazi kirefu. Mchungaji wa Kiborana anafungua zizi, anaita mbwa wake, kisha anawaswaga ng'ombe wote kuupa mto kisogo, kuelekea mbugani kusiko na mto wala kisima. Nawauliza ninyi mnaonisikiliza: mtu huyu ana akili timamu?

Anayo, na nyingi. Huko mbugani mvua imejaza vidimbwi na malambo, lakini maji hayo hayadumu. Baada ya wiki kadhaa jua litayanywa yote, na nyasi zilizoyazunguka hazitamfaa mtu, kwa kuwa ng'ombe hawezi kula mahali asipoweza kunywa. Basi zinaliwa sasa hivi, maji yangali chini ya pua ya ng'ombe. Nyasi za kando ya mto zinaweza kungoja, maana karibu nazo maji yatapatikana hata Septemba. Anayebaki mtoni wakati wa mvua anakula chakula cha kesho huku cha leo kikiozea mbugani.

Waborana wa Isiolo wamegawa nchi yao hivyo tangu zamani. Yapo malisho ya masika, yapo ya kiangazi, na ya tatu ni ya akiba, yasiyoguswa mpaka ukame uwe mkali. Upande wa Merti, kwa mfano, Yamicha inajulikana kuwa sehemu ya akiba ya namna hiyo. Kila eneo la malisho huitwa dedha, na wazee wa dedha ndio wanaotangaza lini watu wahame na wahamie wapi.

Labda unajiuliza wazee wachache wanawezaje kulinda nyasi za nchi pana kiasi hicho. Hawalindi nyasi. Wanalinda maji! Mvua zikianza, visima vya malisho ya kiangazi hufungwa, na hakuna anayeruhusiwa kunywesha hapo. Wakati wa kiangazi ng'ombe wa huko hunywa kila siku ya tatu, na kati ya kunywa na kunywa hawezi kwenda mbali na maji zaidi ya kilomita 15 hivi akarudi na nguvu zake. Kwa hiyo ukifunga kisima umefunga pia nyasi zote zinazokizunguka, bila ukuta na bila mlinzi. Kisima kina msimamizi wake, aba herega, ambaye kazi yake ni zamu: nani atanywesha leo, nani kesho, nani atangoja nyuma ya nani.

Hapa nina ugomvi kidogo na wanaochimba visima kwa moyo mwema bila kuuliza. Mara nyingi mtu wa mbali ameona mbuga pana yenye nyasi na isiyo na maji, akawahurumia wenyeji, akachimba kisima kirefu chenye pampu katikati ya malisho ya masika. Kilichofuata si siri. Maji yakawepo mwaka mzima, watu wakajenga, duka likafunguliwa, na ng'ombe hawakuondoka tena. Nyasi hazikupata miezi yao ya kupumzika. Dalili zake mtoto anaweza kuziona: nyasi za kudumu zenye mashina manene zinatoweka, zinabaki zile za msimu ambazo upepo mmoja unazipeperusha, na kukizunguka kisima panatokea duara la vumbi linalopanuka kila mwaka. Ile mbuga haikuwa na kasoro ya kukosa maji. Kukosa maji ndiko kulikoilinda.

Tuendelee na safari. Kiangazi kikikaribia, kundi haliendi lote pamoja. Tuseme familia ina ng'ombe 60. Wenye maziwa, ndama wao na walio dhaifu, labda 15, wanabaki karibu na nyumbani ili watoto na wazee wapate maziwa; hao huitwa warra. Waliobaki 45, maksai, mitamba na majike wasiokamuliwa, wanakuwa fora, kundi la mbali, na vijana wenye miguu mizuri wanakwenda nalo. Fora inaweza kulala popote. Kila ng'ombe anayeondoka anamwachia ng'ombe wa maziwa nyasi za karibu na nyumbani, na hiyo ndiyo sababu familia inakubali kuwaacha wanawe walale porini kwa miezi.

Lakini fora haiondoki kwa kubahatisha. Wanatangulia watu wawili au watatu, bila ng'ombe, wanaoitwa aburu. Hawa ndio macho ya kundi. Wanaangalia nyasi zimebaki kiasi gani na ni za aina gani, maana nyasi ndefu za manjano zinaweza kuwa na chakula kidogo kuliko fupi za kijivu. Wanavunja kinyesi cha ng'ombe waliotangulia: kikiwa kigumu na kikavu, malisho ya hapo yamekwisha nguvu. Wanahesabu nyayo kwenye njia za kwenda majini, ili wajue ni makundi mangapi yamewatangulia. Wanauliza habari za kupe, za homa ya mapafu, za wezi wa mifugo. Na kazi yao kubwa kuliko zote ni kumtafuta mwenyeji, kwa kuwa nyasi zikiwa nzuri kiasi hicho, zina mwenyewe.

Sasa tuwafuate aburu wetu mpaka kwenye dedha ya jirani. Mfano huu nimeutunga mimi ili hesabu ziwe nyepesi, ila mazungumzo huenda hivi. Ni mwisho wa Juni. Aburu wanapokewa, wanapewa chai, wanaulizwa habari za mvua za kwao. Hakuna anayetaja ng'ombe mpaka chai iishe. Kisha mzee wa wageni anasema, "Wazee wetu, kwetu nyasi zimekwisha. Tunaomba maji."

Anaomba maji, hataji nyasi, na hiyo ni adabu. Kwa mila ya Waborana ni vibaya sana kumnyima maji mwenye kiu. Wenyeji hawatasema hapana. Watauliza: wangapi, wa aina gani, watapita njia ipi, watakaa mpaka lini, wana ugonjwa?

"Ng'ombe 300," anajibu mgeni, "na ngamia 40."

Ngamia wanakubaliwa papo hapo. Wao hula majani ya miti na vichaka zaidi kuliko nyasi, na wanaweza kukaa wiki nzima na zaidi bila maji, kwa hiyo hawagombanii sahani moja na ng'ombe. Tatizo ni wale 300.

Aba herega anaanza na maji. Wenyeji wana ng'ombe 900, na kwa kuwa kila mmoja hunywa siku ya tatu, kila siku wanafika kisimani 300. Ng'ombe mwenye kiu ya siku tatu anaweza kumaliza lita 40, kwa hiyo ni lita 12,000 kwa siku. Pampu yao inatoa lita 4,000 kwa saa: saa tatu zinatosha. Wageni wataongeza ng'ombe 100 kwa siku, yaani saa moja zaidi. Kijana mmoja wa wenyeji anasema basi waje, maji yako tele.

Wazee wanamtazama. Maji yatatosha, lakini nyasi je? Wao wamekadiria kwamba nyasi zinazofikika kutoka kisimani zitawalisha ng'ombe wao 900 kwa siku 120, tangu mwanzo wa Julai hadi mwisho wa Oktoba. Mvua za vuli hutazamiwa katikati ya Oktoba, kwa hiyo wana wiki mbili za ziada endapo mvua itachelewa. Wakiingia 300 wengine, nyasi zilezile zitaliwa kwa siku 90. Mwisho wa Septemba kila mtu, mwenyeji na mgeni, atakuwa amesimama juu ya vumbi huku kisima kikiendelea kutoa maji safi.

Ndipo wanaanza kupunguzana. Wageni wakileta ng'ombe 100 tu, nyasi zitafika siku 108, katikati ya Oktoba. Wenyeji wametoa karibu wiki mbili zao zote za ziada, si zawadi ndogo. Wale 200 waliobaki watakwenda dedha nyingine, na mzee wa wenyeji anaahidi kumtuma mwanawe atangulie na aburu hao kwa jirani wa pili. Halafu yanakuja masharti. Wageni watanywesha baada ya wenyeji. Watachangia dizeli ya pampu. Watalala upande wa mashariki, mbali na nyasi walizotengewa ndama. Watapita njia moja, iliyooneshwa kwa vidole na miti inayojulikana. Mnyama akiugua, wataarifu siku hiyohiyo na kutenga kundi lake. Na mvua ikinyesha kwao, wataondoka bila kungoja kuambiwa.

Yote hayo yanasemwa mbele ya mashahidi. Mapatano mengine siku hizi huandikwa na chifu au maafisa wa kaunti huarifiwa, na ni vizuri, hasa njia inapovuka mpaka wa kaunti, maana wazee wa Isiolo hawana amri Wajir wala Marsabit. Adhabu yao inamuuma mtu anayejali jina lake kwao. Anayekuja usiku na ng'ombe 1,000, asiyemjua mzee yeyote na mwenye bunduki begani, hasikii lugha ya faini, na nchi ile imezika watu kwa ajili ya ugomvi wa namna hiyo. Dalili ya mapema ni kundi kuonekana kwenye malisho kabla aburu wake hawajaonekana. Wazee wakipata habari hiyo, hutuma watu wa kuuliza siku hiyohiyo, kabla ng'ombe hawajanywa.

Na wale wageni wetu 100? Katikati ya Septemba mzee wa dedha anaita kikao kingine, kwa sababu hesabu ya Juni ilikuwa makadirio tu. Aburu wanatoka upya, safari hii wa wenyeji na wa wageni pamoja, wanatazama nyasi na mawingu. Wakirudi na habari mbaya, wazee wana mambo mawili ya kuamua wakati ng'ombe bado wana nyama mwilini: maksai wepi wauzwe sokoni sasa kabla bei haijaporomoka, na kama saa imefika ya kufungua kisima cha akiba, ambacho wageni waliokuja kwa adabu watanywesha pia, kwa zamu yao.