Kwa nini simu hubabaika ikisoma vibao vya Kiamhari?

Ukivuka mpaka Moyale kutoka upande wa Kenya kuingia Ethiopia, vibao vya maduka hubadilika ghafla. Herufi za Kilatini hazitoweki kabisa, lakini nyingi huandamana na maandishi ya Kige'ez, yale ambayo Waethiopia huyaita fideli. Msafiri asiyeyajua hutoa simu, hupiga picha na kusubiri tafsiri. Mara nyingi jibu linalotoka halina maana yoyote.

Tatizo huanzia kwenye umbo la herufi zenyewe. Katika fideli, kila herufi ni silabi nzima. Kiamhari kina konsonanti za msingi zipatazo 33, na kila moja huandikwa kwa maumbo saba kulingana na irabu inayoifuata. Hapo tayari ni herufi 231, bila kuhesabu zile za ziada zenye sauti kama "kwa" na "gwa". Herufi kubwa na ndogo hazipo.

Tazama neno la kahawa, buna, ambalo utalikuta kwenye pakiti na vibao kila kona: ቡና. Herufi ya kwanza, ቡ, ni "bu". Ni umbo la በ lililoongezwa kijistari kidogo katikati ya mguu wa kulia. Kijistari hicho kikishuka hadi kwenye unyayo, inakuwa ቢ, yaani "bi". Kikifutika, inabaki በ. Mguu wa kulia ukirefuka kuliko wa kushoto ni ባ, "ba". Wa kushoto ukirefuka ni ቦ, "bo".

Sasa chukua picha ambamo herufi nzima ina kimo cha pikseli 20. Kijistari cha ቡ hupata pikseli tatu au nne tu. Mkono ukitikisika kidogo, au picha ikibanwa ili itumwe haraka, kinayeyuka. Neno la Kilatini likififia namna hiyo bado mtu angelikisia. Hapa irabu nzima imepotea, na programu haina habari kwamba kuna kitu kimekosekana.

Juu ya herufi nako kuna mtego. Mstari mlalo juu ya ሰ, "se", huigeuza kuwa ሸ, "she". Kwa hiyo waya unaopita mbele ya kibao, au fremu iliyogusa kichwa cha herufi, unaweza kubadilisha konsonanti. Neno la duka, suk (ndugu wa soko letu, yote mawili yakiwa na asili ya Kiarabu), huandikwa ሱቅ. Likiongezewa mstari huo linasomeka "shuk".

Vibao vingi pia vina lugha mbili. Programu iliyotarajia Kilatini huilazimisha ሀ iwe U, ዐ iwe O na ሠ iwe W. Ukiona matokeo yamejaa herufi za Kilatini zisizounda neno, hiyo ndiyo dalili: programu imekosea aina ya maandishi tangu mwanzo.

Halafu kuna suala la mafunzo. Programu hizi hujifunza kwa kuona mifano mingi. Hazina moja ya picha za mistari ya Kiamhari, ADOCR, ina mistari 337,337, lakini ni 40,929 tu iliyotoka kwenye karatasi halisi zilizochapishwa. Iliyobaki ilitengenezwa na kompyuta kwa aina mbili za chapa. Fundi anayechora kibao kwa brashi hafuati chapa hizo. Hunenepesha miguu, huongeza kivuli, huzungusha maneno kwenye duara la nembo. Kwenye chupa ya maji, herufi za pembeni hubanwa na mviringo wa chupa, na vile vijistari ndivyo hutangulia kupotea.

Hata herufi zikisomwa sawasawa, tahajia inaweza kukwamisha. Duka la dawa huitwa medhanit bet. Katika Kiamhari cha leo, ሀ, ሃ, ሐ, ሓ, ኀ na ኃ zote hutamkwa "ha", ingawa zamani hazikuwa sauti moja. Kwa hiyo kibao kimoja kitaandika መድኃኒት, kingine መድሃኒት, kingine መድሐኒት. Kwa mpita njia Mwethiopia ni neno lilelile la dawa. Kwa programu inayolinganisha herufi kwa herufi na kamusi yake, ni maneno matatu, na huenda linalojulikana ni moja. Dawa yake ni kuzigeuza herufi hizo zote kuwa moja kabla ya kulinganisha, hatua ambayo si kila mtengenezaji huikumbuka.

Msafiri anaweza kujisaidia kwa kiasi. Simama mbele ya kibao, si kwa pembeni. Sogea hadi herufi zijaze kioo, kata sehemu ya Kiingereza, kisha chagua lugha mwenyewe badala ya kuiachia simu ikisie. Kitigrinya nacho hutumia fideli. Chupa izungushe na kuipiga picha mara mbili tatu. Picha mbili za neno moja zikitoa majibu mawili tofauti, usiamini lolote, hasa ikiwa ulichoshika ni chupa ya dawa. Muulize muuzaji.