Askofu au farasi? Tazama askari wa katikati

Vitabu vya sataranji humpa askofu na farasi thamani moja, ya askari watatu. Hesabu hiyo inamfaa mtu anayejifunza kubadilishana kete, ila haimwambii abaki na yupi. Jibu liko kwa askari wa katikati: je, bado wanaweza kulana, au wameshakabana uso kwa uso na hakuna anayesogea?

Askofu akiwa katikati ya ubao mtupu anafikia miraba 13, farasi 8. Lakini askofu hupita mshazari, na askari mmoja akikaa njiani, yote yaliyo nyuma yake hayafikiki. Tena hatoki kamwe kwenye rangi yake. Askari wako mwenyewe wakiganda kwenye rangi hiyohiyo, askofu wako anabaki kuwalinda tu. Farasi anaruka, na hubadili rangi kila anapocheza. Udhaifu wake ni mwendo mfupi: kutoka upande mmoja wa ubao hadi mwingine anahitaji hatua kadhaa, na katikati ikiwa wazi hapati muda huo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mchezo wa tano kati ya Boris Spassky na Bobby Fischer, Reykjavik, 1972. Fischer alicheza na weusi. Katika hatua ya sita alimla farasi wa c3 kwa askofu wake wa miraba myeusi, naye Spassky akamla askofu huyo kwa askari wa b. Spassky akabaki na maaskofu wote wawili, jambo ambalo wengi huliona faida moja kwa moja. Ila sasa alikuwa na askari wawili kwenye safu moja, c3 na c4, na hawakuwa na jirani wa kuwalinda kutoka safu ya b.

Kilichofuata ndicho cha kukisoma polepole. Fischer alishatoa askofu wa miraba myeusi, kwa hiyo aliwapanga askari wake kwenye miraba myeusi: c5, d6, e5. Spassky akasukuma d5, na katikati ikafungwa. Sasa tazama askari wa Mweupe: c4, d5, e4, wote kwenye miraba myeupe. Askofu wake wa d3 amezungukwa na watu wake mwenyewe. Yule mwingine, wa miraba myeusi, kila akitazama mbele anakutana na askari wa Fischer wanaolindana. Maaskofu wawili, na hakuna mshazari wa maana hata mmoja.

Dawa ya mwenye maaskofu ni kupasua katikati, na Spassky alijaribu kwa f4. Fischer hakumla askari huyo. Alileta farasi g6, wakabadilishana farasi, kisha askari wakalana pale e5, na askari mweusi akabaki amekaa e5 vilevile. Kwa maoni yangu hapo ndipo Spassky alipozidi kujidhuru, kwa kuwa alitoa farasi wake wa mwisho katika nafasi iliyofungwa. Fischer bado alikuwa na mmoja.

Farasi huyo alikaa f6 kwa muda mrefu bila haraka, kisha akaenda h5, halafu f4. Hatua mbili kwa safari fupi hivyo zingekuwa ghali katikati ikiwa wazi. Hapa hazikumgharimu kitu, maana Mweupe hakuwa na njia ya kupita wakati huo. Pale f4 alilindwa na askari wa e5 na wa g5, akamkaba mfalme kwa kutazama g2. Maaskofu wa Spassky walikuwa wamerudi nyuma kabisa, d1 na e1.

Mwisho ulikuja katika hatua ya 27. Spassky aliweka malkia c2, na Fischer akamla askari wa a4 kwa askofu wake. Malkia akimla askofu huyo, malkia mweusi anakula e4 na kutishia mambo mawili kwa pamoja: kumfunga mfalme pale g2 kwa msaada wa farasi, na kumla askofu wa e1 huku akimfunga mfalme vilevile. Spassky akakubali kushindwa.

Aliyepiga pigo hilo alikuwa askofu, ndani ya nafasi iliyofungwa. Hii haipingani na yaliyotangulia. Askofu wa Fischer alikuwa wa miraba myeupe, na askari wake wa katikati walikaa kwenye myeusi, basi njia kutoka d7 hadi a4 ilikuwa tupu. Kufungwa kwa katikati kulimbana askofu yule ambaye askari wake walishiriki naye rangi.