Mipango miji na vibali vya ujenzi Buguruni

'''Buguruni''' ni kata ya Wilaya ya Ilala katika Mkoa wa Dar es Salaam, Tanzania. Sehemu kubwa ya kata hiyo ilijengwa kabla ya kupangwa na kupimwa. Kwa sababu hiyo ni mfano mzuri wa kueleza kwa nini sheria za ujenzi mjini ni ngumu kutekelezwa mahali ambapo nyumba zilitangulia ramani.

== Historia ==

Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu za ujenzi. Sehemu za Wazungu na Wahindi zilitakiwa kuwa na majengo ya kudumu, na nyumba za udongo na makuti ziliruhusiwa katika ukanda wa Waafrika tu. Mpango kabambe wa mwaka 1949 uliendeleza mgawanyo huo kwa kutumia ukubwa wa viwanja na wingi wa watu. Wakati huo Buguruni ilikuwa pembezoni mwa mji, na watu walipata ardhi kwa makubaliano na wenyeji waliokuwa na mashamba.

Baada ya uhuru mipango kabambe mingine ilitolewa mwaka 1968 na 1979, lakini mji ulikua haraka kuliko upimaji. Mwaka 1972 serikali iliachana na sera ya kubomoa makazi holela, ikaamua kuyaboresha. Makadirio mengi husema kwamba asilimia 70 hadi 80 ya wakazi wa Dar es Salaam huishi katika makazi yasiyopangwa.

== Kibali hupatikanaje ==

Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, matumizi ya kila eneo huonyeshwa katika mchoro wa mipango miji: makazi, biashara, viwanda, barabara, shule au eneo la wazi. Baada ya mchoro kuidhinishwa, wapima huweka alama za mipaka na kila kiwanja hupewa namba. Ndipo hati miliki inapoweza kutolewa.

Mwenye kiwanja anayetaka kujenga hupeleka halmashauri uthibitisho wa umiliki pamoja na michoro ya jengo. Jengo la ghorofa huhitaji pia michoro ya mhandisi. Maofisa huangalia kama matumizi yanalingana na mchoro wa eneo, jengo litafunika sehemu gani ya kiwanja, liko umbali gani kutoka mpakani, na maji taka yatakwenda wapi.

== Tatizo la Buguruni ==

Kila hatua hutegemea ile iliyotangulia: bila mchoro hakuna kiwanja kilichopimwa, na bila kiwanja ofisa hana mpaka wa kupimia umbali. Tuchukue mfano wa kubuni. Nyumba ya vyumba sita yenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 14 imesimama juu ya ardhi ya mita 12 kwa 16. Nyumba ina mita za mraba 140, ardhi ina 192, hivyo karibu asilimia 73 imefunikwa. Kila upande imebaki mita moja tu. Kama kanuni ingeruhusu asilimia 60, nyumba isingepaswa kuzidi mita za mraba 115.

Mwenye nyumba akitaka kuongeza vyumba vya kupangisha, ombi lake lina nafasi ndogo ya kukubaliwa. Mara nyingi basi huita fundi na kujenga bila kuomba. Hasara huonekana baadaye: gari la zimamoto halipiti uchochoroni, na gari la kunyonya maji taka halifiki chooni.

Halmashauri inaweza kutoa ilani, kusimamisha ujenzi na hata kubomoa. Lakini ikitumia kanuni hiyo kwa nyumba zote zinazofanana, itabomoa mtaa mzima bila kuwa na mahali pa kuwapeleka wapangaji.

== Leseni ya makazi na urasimishaji ==

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliweka njia ya kati iitwayo leseni ya makazi. Ni haki ya muda mfupi inayomtambua mkazi wa eneo lisilopimwa. Leseni humlinda mkazi, lakini haipanui uchochoro wala haimpatii kiwanja kilichopimwa.

Urasimishaji huenda mbali zaidi. Nyumba zilizopo huchorwa kama zilivyo, majirani hukubaliana mipaka na kuachia ardhi kwa ajili ya njia, kisha viwanja hupimwa. Ugumu wake mkubwa ni kwamba njia ikipanuliwa, mtu mmoja hupoteza baraza au chumba, na faida huenda kwa mtaa wote.

Njia hiyo haifai bondeni mwa Mto Msimbazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya wakazi wa mabondeni jijini walipewa viwanja Mabwepande, na mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi zilibomolewa baada ya kuwekwa alama nyekundu ya X. Kwa hiyo nyumba mbili zisizo na kibali zinaweza kuwa na hatima tofauti: ile ya mtaani inaweza kurasimishwa, ile ya ukingoni mwa mto haiwezi.