Siku thelathini na moja

Kila asubuhi, kabla maofisa mikopo hawajatoka kwenda kwenye vikundi, mfumo hulinganisha ratiba za marejesho na fedha zilizoingia hadi jana, kisha hutoa ripoti ya mikopo iliyo hatarini. Safu inayotazamwa kwanza huitwa PAR30: mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30.

Tuseme muuza mitumba ana salio la shilingi 600,000, naye hulipa 50,000 kwa wiki. Rejesho la zamani zaidi ambalo hajalipa lina siku 33, na kwa jumla ameruka marejesho matano. Deni lililochelewa ni 250,000, lakini ripoti huandika 600,000 yote, kwa kuwa aliyekwama hivyo huenda asimalize hata kilichobaki. Tawi likiwa na mikopo ya milioni 40, yeye peke yake ni asilimia 1.5.

Akilipa 50,000 leo, rejesho hilo la zamani linafutika, siku zinashuka hadi 26, na salio lake lote linatoka PAR30. Bado anadaiwa marejesho manne! Ndiyo maana meneja makini husoma pia safu ya siku 1 hadi 30.

Kuna na ujanja. Tawi likigawa mikopo mipya ya milioni 20, asilimia ile ile 1.5 hushuka hadi 1 bila mdaiwa kulipa senti. Wengine hupanga upya ratiba ya mkopo uliokwama, na siku zikaanza kuhesabiwa kutoka sifuri.

Wakati mwingine kosa ni la ofisi: malipo ya simu yameingia yakiwa na namba ya mkopo isiyo sahihi, na mteja aliyelipa anapigiwa simu ya kudaiwa.