Kutoka "Tumalize Haraka" hadi Ombi Lenye Tarehe

Ripoti ya robo mwaka katika kaunti za Kitui na Makueni ina mwisho uliowekwa na sheria. Kifungu cha 166 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinampa afisa mhasibu siku 15 baada ya robo kuisha kuiwasilisha. Kwa robo iliyoisha 31 Machi 2026, siku ya mwisho ni Jumatano, 15 Aprili.

Hata hivyo, vikumbusho vya wasimamizi wa timu mara nyingi havitaji siku yoyote. Tuchukue mfano wa kubuni wa timu ya maji iliyo Wote, ambayo afisa wake wa Mtito Andei alitakiwa kuleta ripoti Jumanne, 7 Aprili. Alhamisi ujumbe unaingia kwenye kundi la simu: "Jamani, ripoti za wengine bado. Tumalize haraka tusiaibishwe." Aliyekwisha kutuma anajiona amekaripiwa bure; ambaye hajatuma anajificha kati ya "wengine", na "haraka" yake huenda ikawa wiki ijayo.

Kuuandika upya ujumbe huo huanza kwa kuhesabu kurudi nyuma. Ripoti ifike tarehe 15. Mkurugenzi aisome Jumanne, tarehe 14. Msimamizi aunganishe Jumatatu, tarehe 13. Kwa hiyo siku ya mwisho ya afisa ni Ijumaa, tarehe 10. Mapumziko ya Pasaka, yaliyokwisha Jumatatu tarehe 6, yamekula siku za kazi, na hapana nafasi ya kusogeza tena. Ujumbe sasa unamwendea mhusika peke yake:

"Habari za asubuhi. Ripoti yako ya Januari hadi Machi ilitakiwa Jumanne, tarehe 7, na haijanifikia. Naomba uitume kwa baruapepe, pamoja na jedwali la malipo, kabla ya saa kumi jioni kesho, Ijumaa tarehe 10 Aprili. Jumatatu naunganisha za wote. Kama kuna kilichokwama, nijulishe leo kabla ya saa nane mchana."

Siku ya wiki imeandamana na tarehe kwa sababu moja ikikosewa, nyingine huifichua. Neno "jioni" nalo lina kazi: "saa 10" tupu, kwa mtu ambaye simu yake inahesabu kizungu, ni saa nne asubuhi.

Jibu la "sawa" halijaahidi kitu. Linalofaa hutaja siku. Na afisa akijibu kwamba jedwali liko kwa mhasibu, kumwongezea siku hakusaidii. Yeye aombwe maelezo ya miradi Ijumaa ileile, na mhasibu aandikiwe ombi lake, lenye tarehe yake.