Simu ya kazini ikinyakuliwa, usiutegemee ufutaji peke yake

Saa nne asubuhi, Kariakoo. Tuseme ofisa mauzo amesimama kando ya barabara anasoma oda ya mteja kwenye simu ya kampuni. Bodaboda inapita, simu imekwenda, tena imekwenda ikiwa wazi, barua pepe ziko kwenye kioo. Anaazima simu dukani na kumpigia mtu wa TEHAMA.

"Kaka, simu ya kazini imenyakuliwa."

"Pole sana. Naifuta sasa hivi."

Anaingia kwenye Intune, mfumo wa Microsoft wa kusimamia vifaa vya kampuni, na kubonyeza `Wipe`. Amri inatoka, lakini inabaki inasubiri. Simu haifutiki mpaka iwe hewani na kuipokea amri hiyo, na kibaka mzoefu huchomoa laini kabla hajafika mtaa wa pili. Ofisi nyingine humsaidia bila kujua: zinakimbilia kufunga laini kwanza, zikakata njia ambayo amri ingepitia. Laini ni lazima ifungwe, hasa kwa ajili ya pesa na namba za uthibitisho, ila amri itangulie, hata kwa dakika chache.

Kinachofunga mlango kwa uhakika kiko upande wa seva. Kinaitwa `Conditional Access`: kabla ya kukupa barua pepe au mafaili, mfumo unaangalia kifaa unachotumia. Sharti linalotumika sana ni `Require device to be marked as compliant`, yaani simu iwe imesajiliwa na inafuata kanuni za kampuni.

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Simu iliyoibiwa jana ilikuwa inafuata kanuni, na mfumo haujui kuwa imebadilisha mikono. Kwa mpangilio wa kawaida, simu iliyonyamaza huendelea kuhesabika safi hadi siku 30. Kwa hiyo mtu wa TEHAMA anapaswa kukizima kifaa mwenyewe kwa `Disable` kwenye Entra, kisha aende kwenye akaunti ya mfanyakazi abonyeze `Revoke sessions`.

Hata hivyo, ruhusa iliyokwisha kutolewa huwa na uhai wa dakika 60 hadi 90. Programu zinazojua kuuliza seva upya katikati, Outlook ikiwemo, hufungiwa mapema zaidi, ingawa zinaweza kuchukua hadi dakika 15. Ndani ya muda huo kibaka mwenye simu iliyo wazi bado anasoma. Na barua zilizokwisha kushuka kwenye simu zinabaki humo mpaka ufutaji ufanikiwe.

Ndiyo maana ukinyakuliwa simu, toa taarifa dakika hiyo hiyo, usisubiri urudi ofisini. Na namba ya mtu wa TEHAMA iandike kwenye karatasi, uiweke kwenye pochi.